Kukusanya seli shina kutoka kwenye damu: mwongozo wa hatua kwa hatua, na lini uboho bado ni bora

Ukimwambia mtu kwamba ndugu yake anahitaji kupandikizwa seli shina, mara nyingi kitu cha kwanza anachowaza ni sindano nene ya mgongoni. Tuliondoe hilo kwanza. Seli hazivunwi kwenye uti wa mgongo, si kwa njia hii wala ile. Seli zinazotengeneza damu hukaa kwenye uboho, ndani ya mifupa, na siku hizi kwa wagonjwa wengi wazima huvunwa bila hata kugusa mfupa. Dawa huzitoa ubohoni na kuzimwaga kwenye damu inayozunguka, kisha mashine huzichuja kutoka kwenye mshipa wa mkono. Njia ya zamani, ya kuvuta uboho wenyewe kutoka kwenye mfupa wa nyonga, haijafa. Kuna wagonjwa ambao kwao ndiyo inayofaa zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: dada mwenye afya njema, uzito wake kilo 70, anamtolea kaka yake mwenye lukemia, kilo 60. Tishu zao zimepimwa na zinaoana. Mgonjwa anayekusanyiwa seli zake mwenyewe hupita njia hiyohiyo, na pale anapotofautiana nitasema.

Kwanza elewa seli zinashikwa na nini

Katika siku ya kawaida, damu ya dada huyu ina seli shina chache mno, kiasi kwamba ukimfunga kwenye mashine kutwa nzima hutapata za kumtosha mtu. Si kwamba mwilini hazipo. Ndani ya uboho kuna protini iitwayo CXCL12, na seli shina ina kipokezi chake, CXCR4. Hivyo viwili vikishikana, seli hutia nanga palepale ilipo. Kazi yote ya maandalizi ni kung'oa nanga hiyo kwa siku chache.

Dawa inayotumika zaidi ni filgrastimu, sindano ya kukuza chembe nyeupe. Huongeza chembe nyeupe aina ya nyutrofili ubohoni, nazo humwaga vimeng'enya vinavyokata vishikizo vya seli shina, huku CXCL12 yenyewe ikipungua. Mambo hayo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana ukichoma sindano leo huwezi kukusanya kesho.

Hatua ya 1: Kagua mtoaji kabla ya sindano ya kwanza

Mbali na vipimo vya maambukizi na mimba, mambo matatu hayaruki mtu.

La kwanza ni selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe, si yule aliyebeba kijeni kimoja tu, hapewi filgrastimu. Chembe nyeupe zikipanda ghafla zinaweza kumletea mgogoro mkali wa selimundu, na wapo waliokufa kwa hilo. Kwa hiyo kipimo cha selimundu kifanywe hata kama mtoaji anasema hajawahi kuugua.

La pili ni wengu. Dawa hii hulivimbisha kidogo, nalo lililovimba hupasuka kwa urahisi zaidi likigongwa. Mtoaji ajiepushe na michezo ya kugongana na kazi za kubeba mizigo mizito mpaka wiki chache zipite baada ya kutoa.

La tatu ni mishipa ya mikono. Muuguzi wa mashine ndiye aikague, tena siku nyingi kabla. Afunge mpira wa kubana mkono, aguse kwa kidole kwenye kiwiko pande zote mbili, aone kama kuna mshipa utakaovumilia sindano ngumu kwa saa nne au tano. Nalisisitiza hili kwa sababu likiachwa hadi asubuhi ya kukusanya, mtoaji mzima wa afya huishia kuwekewa katheta kwenye mshipa mkubwa wa shingo au wa paja, na katheta hiyo ina hatari zake za kutoboa, kuganda kwa damu na maambukizi. Ikijulikana mapema kwamba mishipa haifai, familia na daktari wanakaa na kuamua kwa utulivu: katheta, au uboho kutoka nyongani.

Hatua ya 2: Sindano za siku nne

Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mtoaji kwa siku, chini ya ngozi. Dada yetu wa kilo 70 anastahili mikrogramu 700. Dawa huja kwa vipimo vya 300 na 480, kwa hiyo vituo vingi humpa moja ya kila aina, jumla 780, kuliko kumwaga mabaki. Huchomwa tumboni mbali na kitovu, au kwenye paja, saa ileile kila siku, na mahali pabadilishwe. Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kugandishwa. Itoe mapema kidogo ipoteze ubaridi kabla ya kuchoma, itauma kidogo zaidi ya kuumwa na mbu badala ya kuchoma vikali.

Kufikia siku ya pili au ya tatu mifupa huanza kuuma: kiuno, nyonga, kifua, wakati mwingine kichwa. Maumivu haya yana mdundo, yanakuja na mapigo ya moyo. Ni uboho uliojaa kazi. Parasetamoli ndiyo dawa ya kwanza. Aspirini aiache kabisa, kwa kuwa huzuia chembe sahani zisigandishe damu, na mashine itazipunguza hizo chembe sahani siku ya kukusanya. Wengi hawapati usingizi mzuri usiku wa nne, na ni vyema waambiwe kabla ili wasidhani kuna kilichoharibika.

Kinachostahili kupigiwa simu usiku uleule ni kingine: maumivu ya juu ya tumbo upande wa kushoto, au ya ncha ya bega la kushoto bila kuumia, kwa sababu huenda ni wengu. Vivyo hivyo kubanwa pumzi, au kuvimba uso na upele baada ya sindano.

Hatua ya 3: Asubuhi ya siku ya tano, hesabu kabla ya kuunganisha mashine

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu ndipo watu wengi hukosea kusoma majibu.

Dada anachomwa sindano ya tano alfajiri, angalau saa moja kabla ya kukusanya, kisha damu hutolewa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni hesabu ya kawaida ya damu. Chembe zake nyeupe zimepanda kutoka 6,000 hadi 45,000 kwa mikrolita, na nduguze wanafurahi. Lakini namba hiyo haisemi kama seli shina zimetoka. Inathibitisha kwamba dawa imechomwa na mwili umeisikia, basi. Kipimo kinachoamua ni CD34, alama iliyo juu ya seli shina, inayohesabiwa kwa mashine ya leza. Mtu anaweza kuwa na chembe nyeupe 50,000 na CD34 sita tu.

Majibu ya CD34 husomwa hivi. Zikiwa 20 au zaidi kwa mikrolita, endelea kwa moyo mkunjufu. Zikiwa kati ya 10 na 20, inawezekana, ila jiandae kwa siku zaidi ya moja. Chini ya 10, kumfunga mtu kwenye mashine saa tano ni kumchosha bure isipokuwa kuna hatua nyingine.

Za dada zimetoka 25. Je, zitamtosha kaka? Hapa kuna hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwenye kikaratasi. Mahitaji hukadiriwa kwa uzito wa anayepokea. Kiwango cha chini kinachokubalika ni CD34 milioni 2 kwa kila kilo, na vituo vingi hulenga milioni 4 au 5. Kaka ana kilo 60, lengo milioni 4 kwa kilo, kwa hiyo zinatakiwa milioni 240.

Upande wa mapato: 25 kwa mikrolita ni sawa na milioni 25 kwa lita. Mashine itapitisha lita 12 za damu, yaani damu yote ya dada itazunguka mara mbili na nusu au zaidi. Ndani ya lita hizo 12 zimo milioni 300. Lakini mashine hainasi zote. Tuseme inanasa asilimia 45, ambayo ni kadirio la kawaida. Tunabaki na milioni 135. Gawanya kwa kilo 60: milioni 2.25 kwa kilo. Kiwango cha chini kimevukwa, lengo halijafikiwa. Dada anaambiwa kabla hajakaa kitini kwamba huenda akarudi kesho, na anakuwa amejiandaa.

Laiti CD34 zingekuwa 60, hesabu hiyohiyo ingetoa milioni 5.4 kwa kilo na kazi ingeisha siku moja. Zingekuwa 6, ingetoa milioni 0.54. Jambo jingine linaloonekana humo ni tofauti ya uzito: mtoaji mdogo wa umbo akimtolea mgonjwa mzito, seli nzuri tu zinaweza zisitoshe.

Hatua ya 4: Saa nne mpaka tano kwenye mashine

Mkono mmoja huingizwa sindano ngumu ya kuvuta, nao haukunjwi. Mwingine huwekewa ya kurudishia, laini kidogo. Damu hutoka kwa kasi ya mililita 50 hivi kwa dakika, kwa hiyo lita 12 ni dakika 240. Inazungushwa kwa kasi ili itengane kwa uzito: chembe nyekundu chini, utegili juu, na katikati tabaka jembamba la chembe nyeupe, ambamo seli shina zimo. Tabaka hilo linavutwa kidogokidogo kwenda mfukoni na vingine vyote vinarudi mwilini. Wakati wowote damu iliyo nje ya mwili haifiki nusu lita.

Mwendeshaji mzuri huangalia rangi ya mrija wa kukusanyia kuliko anavyoangalia kioo cha mashine. Inatakiwa nyekundu iliyopauka. Ikiwa nyekundu nzito, amezama mno kwenye tabaka la chembe nyekundu na mfuko utajaa uchafu. Ikigeuka kuwa ya njano ya utegili, amepanda juu mno na seli anazozitafuta zinapita zikirudi kwa mwenyewe.

Damu isigande ndani ya mirija, huchanganywa na sitrati. Sitrati hufunga kalsiamu, na sehemu yake hurudi mwilini. Dalili ya kwanza ni midomo na ncha za vidole kuwa kama vinatambaa wadudu. Mtoaji aambiwe mapema aseme papo hapo, asivumilie kwa adabu. Watu wengi hunyamaza wakidhani wanasumbua. Kwa dalili hiyo tu mashine hupunguzwa kasi na kalsiamu huongezwa, kwa vidonge au kwenye dripu, na inaisha ndani ya dakika chache. Ikiachwa, hufuata kichefuchefu, misuli kukakamaa mikononi, na mwishowe moyo kupiga ovyo.

Tatizo la pili ni mashine kulia kwamba mvuto umezidi. Maana yake mara nyingi ni mshipa umebana au ncha ya sindano imegusa ukuta wake. Kufumba na kufumbua ngumi, nguo ya joto juu ya mkono, au kugeuza sindano kidogo hutosha. Wasikimbilie kuongeza kasi ili kufidia muda.

Mfuko ukijaa, sampuli huenda maabara kuhesabiwa CD34 halisi. Kwa dada tuseme zimepatikana milioni 2.2 kwa kilo, karibu na makadirio. Kesho yake CD34 za damu zimeshuka hadi 22, jambo la kawaida kwa sababu kilele hupita hata sindano zikiendelea. Lita 12 nyingine zinatoa takriban milioni 2. Jumla milioni 4.2, na kazi imekwisha. Kabla ya siku hiyo ya pili hupimwa pia chembe sahani, maana kila zamu ya mashine huondoka na sehemu yake kubwa. Zikiwa chini ya 80,000 hivi, vituo vingi husitisha.

Seli zisipotoka

Kwa mtoaji mwenye afya hutokea kwa nadra. Kwa mgonjwa anayekusanyiwa seli zake mwenyewe ni jambo la kutarajiwa: uboho umepigwa na dawa nyingi za saratani, au mionzi ya nyonga, au ametumia kwa miezi mingi lenalidomaidi, dawa ya saratani ya uboho iitwayo mailoma. Ndiyo maana mwenye mailoma hushauriwa akusanyiwe mapema katika matibabu, na lenalidomaidi isimamishwe wiki kadhaa kabla.

CD34 zikiwa chini ya 10 asubuhi ya siku ya tano, dawa ya kuongeza ni pleriksafori. Hii haisubiri vimeng'enya. Inakaa moja kwa moja kwenye CXCR4 na kuachanisha nanga. Kipimo ni mikrogramu 240 kwa kilo, chini ya ngozi, kiasi cha saa 6 hadi 11 kabla ya kukusanya, kwa hiyo huchomwa usiku na mashine huanza asubuhi. Mgonjwa aliyelala na CD34 sita anaweza kuamka na 20 au zaidi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa wagonjwa wa mailoma na wa limfoma, saratani ya chembe za kinga, wanaokusanyiwa seli zao, na kwa miaka mingi bei yake ndiyo iliyofanya vituo visimpe kila mtu. Njia nyingine kwa mgonjwa ni kutanguliza siklofosfamaidi, dawa ya saratani, kisha filgrastimu wakati damu inapanda tena. Hutoa seli nyingi, ila siku ya kilele haitabiriki na homa ya upungufu wa kinga inaweza kumlaza wodini. Kwa mtoaji mwenye afya njia hiyo haitumiki kamwe. Kwake, ikishindikana, kuna uboho.

Uboho wa nyongani: dada huyohuyo, njia nyingine

Hakuna siku za sindano. Dada huingia chumba cha upasuaji, hupewa nusukaputi au ganzi ya mgongoni ya kumzuia asisikie maumivu, na hulazwa kifudifudi. Madaktari wawili husimama pande mbili na kutoboa mfupa wa nyonga kwa nyuma. Kwenye ngozi matundu ni machache, lakini kupitia tundu moja sindano huelekezwa sehemu nyingi za mfupa. Sababu ni kwamba mililita chache za kwanza ndizo zenye uboho mzito. Ukivuta sana mahali pamoja, damu ya kawaida hukimbilia kuziba nafasi na unakusanya damu tupu. Kwa hiyo kila mvuto hauzidi mililita 5 hivi.

Hapa hesabu si ya CD34 bali ya seli zote zenye kiini, na lengo ni kama milioni 300 kwa kilo ya mpokeaji. Kaka wa kilo 60 anahitaji bilioni 18. Mililita moja ya uboho mzuri ikiwa na milioni 18, inatakiwa lita moja. Kikomo cha usalama ni mililita 20 kwa kilo ya mtoaji, yaani 1,400 kwa dada, kwa hiyo inawezekana. Lakini lita moja kwa mivuto ya mililita 5 ni mivuto 200. Saa moja hadi mbili.

Dada ataamka na maumivu ya kiuno ya siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au mbili, na damu yake itakuwa imepungua, kwa hiyo atameza madini ya chuma. Uboho huo pia una chembe nyekundu nyingi. Kama makundi ya damu ya ndugu hawa hayalingani, maabara lazima izipunguze kabla kaka hajapewa.

Basi ipi ichaguliwe?

Kama seli ni za mgonjwa mwenyewe, jibu ni damu, karibu kila mara. Damu yake inarudi haraka na hakuna kinga ya mtu mwingine ya kuogopwa.

Seli zikitoka kwa mtu mwingine, mambo hubadilika. Mfuko wa damu hubeba chembe T, askari wa kinga ya mtoaji, mara kumi hivi kuliko mfuko wa uboho. Askari hao wana faida wakishambulia mabaki ya lukemia. Wakigeukia ngozi, macho, ini na mapafu ya mpokeaji, unakuwa ugonjwa sugu wa pandikizi dhidi ya mwenyeji, ambao huweza kumsumbua mtu kwa miaka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, ukilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa wa saratani za damu waliotolewa na watu wasio ndugu zao, ulikuta kwamba miaka miwili baadaye walio hai walikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili. Ugonjwa sugu wa pandikizi uliwapata asilimia 53 ya waliopewa seli za damu na asilimia 41 ya waliopewa uboho. Kwa upande mwingine, pandikizi lilishindwa kushika kwa asilimia 3 dhidi ya 9, na nyutrofili zilirudi siku kama tano mapema kwa seli za damu.

Kwa kaka yetu mwenye lukemia, hasa kama ana hatari kubwa ya ugonjwa kurudi au maambukizi yanayodai damu ipande upesi, seli za damu zina hoja nzito. Angekuwa na uboho uliokufa bila saratani yoyote, ningesimama upande wa uboho bila kusita. Hakuna lukemia ya kushambuliwa, kwa hiyo chembe T za ziada zinamletea hatari tupu. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto mwenye ugonjwa wa damu usio saratani. Familia nyingi huchagua kwa kuangalia maumivu ya mtoaji. Ni haki kuyazingatia, lakini swali la kwanza kwa daktari liwe mgonjwa anahitaji hizo chembe T au anazikimbia.

Baada ya kutoa

Seli za dada hupelekwa mbichi, zikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na kaka huwekewa kwa dripu kama damu ya kawaida, siku hiyohiyo au inayofuata. Seli za mgonjwa mwenyewe hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika zikiwa na DMSO, kemikali ya kuzilinda zisiharibiwe na barafu, na siku ya kurudishiwa chumba kizima kitanuka harufu kali ambayo mgonjwa mwenyewe ataisikia kooni.

Maumivu ya mifupa ya dada yataisha ndani ya siku mbili tatu baada ya sindano ya mwisho, chembe nyeupe zitashuka, na chembe sahani zitarudi katika wiki moja au mbili. Apimwe hesabu ya damu mara moja katika muda huo, asitumie aspirini mpaka majibu yatoke, na wengu likiuma ndani ya wiki hizo arudi hospitali hata kama anajisikia mzima.